Simu ya pili kama kitufe cha kamera: dalili, sababu na dawa yake

Picha nyingi za ukoo zinazopigwa mbele ya Ngome ya Lamu zina mtu mmoja asiyeonekana, naye ni mwenye simu. Saa ya kamera ya sekunde kumi inafaa kwa watu watatu wanne. Wakiwa ishirini, anayekimbia kutoka kwenye stendi hufika akihema, kofia imekaa upande, na mtoto wa mstari wa mbele ameshageuka kutazama punda. Dawa nafuu ni simu ya pili, hata ile ya zamani iliyolala kabatini, iliyogeuzwa kitufe cha kupigia picha kwa Bluetooth. Bando linahitajika siku ya kupakua programu tu. Baada ya hapo simu hiyo haihitaji hata laini.

Hapa chini, simu iliyo kwenye stendi inaitwa simu ya kamera, na iliyo mkononi mwa mtu inaitwa simu ya kitufe. Dalili zimepangwa kwa jinsi watu wanavyozilalamikia, na chini ya kila dalili sababu ya kwanza ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi.

Kinachotendeka ndani

Simu ya kitufe haipigi picha na wala haijui kama kuna kamera. Inachofanya ni kujitambulisha kwa mwenzake kuwa ni kibodi ya Bluetooth, kisha inatuma habari moja fupi: kitufe cha kuongeza sauti kimebonyezwa. Simu ya kamera inapokea habari hiyo kama vile kidole kimegusa kitufe chake cha pembeni. Kwa kuwa kamera nyingi zimepangwa kupiga picha kitufe cha sauti kinapobonyezwa, picha inapigwa.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yanayopaswa kuwa sawa kwa pamoja: simu ya kitufe iweze kujifanya kibodi, zioanishwe wakati inajifanya kibodi, na kamera ikubali kitufe cha sauti kama kitufe cha kupigia. Karibu kila hitilafu iko kwenye moja ya hayo matatu.

Uwezo wa simu kujifanya kibodi bila kuweka programu upande wa pili ulifunguliwa rasmi kwa watengenezaji wa programu kuanzia Android 9, iliyotoka mwaka 2018. Simu ya kitufe lazima iwe na Android 9 au zaidi. iPhone haiwezi kazi hii, kwa sababu mfumo wake hauziruhusu programu kujitangaza kuwa kibodi ya Bluetooth. Lakini iPhone inakubali vizuri kuwa simu ya kamera.

Kuna programu za aina nyingine, zile zinazowekwa kwenye simu zote mbili na kukuonyesha picha ya kamera mkononi. Hizo zina njia yake na maradhi yake, na hazizungumzwi hapa. Kwenye Play Store tafuta programu ya kibodi au rimoti ya Bluetooth inayosema wazi kwamba upande wa pili hauhitaji kuwekewa kitu, na hakikisha ina kitufe cha kuongeza sauti. Itaomba ruhusa ya "Nearby devices" kwenye Android 12 na kuendelea. Kwenye matoleo ya nyuma huenda ikaomba ruhusa ya mahali, kwa sababu huko kutafuta vifaa vya Bluetooth kulihitaji ruhusa hiyo. Ikiomba kusoma SMS, waasiliani au huduma za "Accessibility", ifute hapo hapo. Kitufe cha picha hakina haja ya kuona ujumbe wako wa M-Pesa.

Vipimo viwili kabla ya kugusa mipangilio

Watu wengi wanaanza kwa kufuta na kuoanisha upya mara tatu nne, kumbe Bluetooth haina kosa. Vipimo hivi viwili vinachukua nusu dakika.

Kipimo cha kwanza: fungua kamera kwenye simu ya kamera, kisha bonyeza kwa kidole kitufe chake chenyewe cha kuongeza sauti. Picha isipopigwa, tatizo liko kwenye mipangilio ya kamera na simu ya pili haihusiki kabisa. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya tatu.

Kipimo cha pili: funga kamera, rudi kwenye skrini ya mwanzo, kisha bonyeza kitufe cha sauti kilicho ndani ya programu ya simu ya kitufe. Tazama simu ya kamera. Mstari wa sauti ukipanda, mawasiliano ni mazima. Usipoonekana, tatizo ni uoanishaji au programu, basi anza na dalili ya kwanza na ya pili.

Dalili ya kwanza: simu hazionani, au programu inakataa kuanza

Sababu ya kawaida ni muda. Simu ya Android haionekani na wengine wakati wote. Programu inaomba ionekane, nawe ukikubali inaonekana kwa dakika mbili hivi, kisha inajificha tena. Kama ulikubali halafu ukaenda kutafuta miwani, muda umekwisha. Omba upya, na simu ya kamera iwe tayari kwenye ukurasa wa kutafuta kifaa kipya.

Ya pili ni toleo. Fungua "Settings", kisha "About phone", utazame "Android version". Ikiwa chini ya 9, acha. Hakuna mpangilio utakaoisaidia, na programu inayodai kufanya hivyo bila kuwekwa upande wa pili inakupotezea wakati.

Ya tatu inaumiza zaidi: simu ina Android 9 au hata 11, lakini programu inaandika kuwa "HID Device" haipo. Baadhi ya watengenezaji wa simu walikifunga kipengele hicho cha kujifanya kibodi walipoandaa mfumo wao. Kabla ya kukata tamaa, hakikisha hakuna programu nyingine ya rimoti au kibodi inayofanya kazi kwenye simu hiyo hiyo, kwa sababu Android inaruhusu programu moja tu kwa wakati mmoja kushika nafasi ya kibodi. Zifunge zote, washa simu upya, fungua hii moja. Ikikataa tena, badilisha majukumu: simu hiyo iwe kamera na nyingine iwe kitufe, au azima simu ya jirani.

Dalili ya pili: zimeoanishwa, zinaandika zimeungana, lakini hakuna kinachotokea

Hii ndiyo inayowasumbua watu zaidi, na chanzo chake kimoja kinajirudia: simu mbili zilizokwisha kuoanishwa zamani, pengine kwa kutumiana nyimbo au picha, halafu leo mtu anaweka programu ya kitufe na kutegemea uoanishaji ule ule ufanye kazi.

Wakati wa kuoanisha, simu ya kamera huuliza mwenzake inaweza nini, kisha huandika majibu na kuyatunza. Siku ile ya nyimbo, jibu lilikuwa: naweza kutuma mafaili, naweza kugawa intaneti. Kibodi haikutajwa kwa sababu programu haikuwepo. Leo programu ipo, lakini simu ya kamera inaendelea kusoma majibu ya zamani. Zinaungana, jina linaandikwa "Connected", na habari ya kitufe haina mlango wa kuingilia.

Kwenye Android jambo hili linaonekana kwa macho. Kwenye simu ya kamera, fungua orodha ya Bluetooth, gusa alama ya mipangilio iliyo pembeni ya jina la simu ya kitufe. Utaona orodha ya matumizi yenye swichi. Kama kuna "Input device", iwashe na jaribu tena. Kama hakuna, na kilichopo ni "Internet access" au "Contact sharing" tu, basi ziliungana kama simu mbili za kawaida. iPhone haina orodha hii, kwa hiyo huko tegemea kipimo cha mstari wa sauti.

Dawa ni kufuta pande zote mbili na kuoanisha upya kwa mpangilio huu, bila kuruka hatua:

1. Kwenye simu ya kamera, fungua Bluetooth, chagua jina la simu ya kitufe, gusa "Forget" (kwenye Samsung ni "Unpair", kwenye iPhone ni "Forget This Device").
2. Fanya vivyo hivyo kwenye simu ya kitufe. Watu wengi hufuta upande mmoja, na upande wa pili unabaki na ufunguo wa zamani unaofanya uoanishaji mpya ushindwe.
3. Zima Bluetooth kwenye zote mbili, hesabu hadi kumi, washa.
4. Kwenye simu ya kitufe, fungua programu kwanza. Subiri iandike kuwa iko tayari, kisha ikubalie kuonekana.
5. Programu ikiwa bado wazi kwenye skrini, chukua simu ya kamera, gusa "Pair new device" na uchague jina la simu ya kitufe.
6. Namba sita zitatokea kwenye simu zote mbili. Zilinganishe, kisha kubali pande zote.
7. Tazama kama "Input device" imetokea na imewashwa. Halafu fanya kipimo cha mstari wa sauti.

Hatua ya nne na ya tano ndizo kiini cha yote. Ukioanisha kwanza na kufungua programu baadaye, umerudi kwenye majibu ya zamani.

Kama hata baada ya hapo swichi haitokei, sababu inayofuata ni simu ya kamera kuwa na vifaa vingi vya Bluetooth vilivyoungana, mfano vipokea sauti vya masikioni, saa na spika. Vitenganishe vyote kwa muda na urudie. Cha mwisho kabisa ni kufuta mipangilio ya mtandao, kwa jina "Reset network settings" au "Reset Bluetooth & Wi-Fi". Hatua hii haigusi picha wala ujumbe, lakini inafuta nywila zote za Wi-Fi na kila kifaa kilichooanishwa, kwa hiyo andika nywila ya nyumbani kwanza.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Simu iliyokubaliwa kama kibodi inaweza kuandika na kubonyeza vitu ndani ya simu yako. Usikubali ombi la kuoanisha lenye jina usilolijua, hasa penye umati kama uwanja wa Mkunguni siku za Maulidi, na usikubali namba sita zisizolingana.

Dalili ya tatu: sauti inapanda, lakini picha haipigwi

Mawasiliano ni mazima. Kamera ndiyo haikupangwa.

Kwanza tazama kazi ya kitufe cha sauti ndani ya kamera. Kwenye Samsung fungua mipangilio ya kamera, kisha "Shooting methods", kisha "Press Volume buttons to", na uchague "Take picture or record video". Kwenye Pixel tafuta "Gestures", kisha "Volume key action", na uchague "Shutter". Kwenye simu nyingine majina yanatofautiana, lakini tafuta mstari wenye neno "Volume" ndani ya mipangilio ya kamera. Mara nyingi utakuta umewekwa kwenye kukuza picha, na ndiyo maana kila ukibonyeza picha inasogea karibu badala ya kupigwa. iPhone haihitaji kupangwa.

Pili, hakikisha unatumia kamera ya simu yenyewe. Kamera zilizo ndani ya programu za kutumiana ujumbe na za mitandao zina sheria zake kuhusu kitufe cha sauti, na baadhi hazikisikilizi kabisa.

Tatu, muziki. Kama taarab inacheza kutoka simu ya kamera kwenda kwenye spika, kitufe cha sauti kinaweza kwenda kwenye muziki. Uzime, au uucheze kutoka simu nyingine.

Sababu ya nadra ni programu inayotuma kitufe kisicho sahihi. Nyingine hutuma "Enter", ambacho kwa kamera za Android ni bahati nasibu. Ndani ya programu tafuta kitufe chenye alama ya spika na jumlisha, na kama kamera inakikataa jaribu cha kupunguza sauti.

Swali linaloulizwa sana hapa ni kama vitufe vya vipokea sauti vya Bluetooth vinaweza kazi hii. Mara nyingi haviwezi, kwa sababu vinabadilisha kiwango cha sauti kwa njia isiyopitia kwenye kibodi, na kamera haioni kitufe chochote. Vile vya waya, ambavyo kitufe chake cha sauti kinasomwa kama kitufe cha simu, hufanya kazi kwenye simu nyingi, lakini waya wa mita moja haumfikishi bibi mbali.

Dalili ya nne: ilifanya kazi, kisha ikafa

Ulijaribu nyumbani ikakubali. Mmefika pwani, mmepangana, unabonyeza, kimya.

Tazama simu ya kamera kwanza. Kamera nyingi hujifunga zenyewe zikikaa dakika chache bila kuguswa ili kuokoa betri, na skrini ikizimika kitufe cha sauti hakipigi kitu. Kupanga watu ishirini kunachukua zaidi ya dakika chache, hasa wakiwemo wajomba wanaobishana nani akae katikati. Kwa hiyo panga watu kwanza, halafu mtu aguse skrini ya simu ya kamera mara ya mwisho na kwenda kusimama mahali pake.

Kisha tazama simu ya kitufe. Android inaipa programu nafasi ya kibodi wakati inatumika tu. Ukitoka kwenda kusoma ujumbe, au skrini ikazimika, mfumo unaweza kuinyang'anya nafasi hiyo na muungano ukakatika. Hii si kasoro ya programu, ndivyo mfumo ulivyowekwa. Fanya haya: weka muda wa skrini kuzimika uwe dakika 10, zima kiokoa betri, na kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo chagua "Unrestricted" au "Don't optimize". Simu nyingi za bei nafuu zinazotumika huku zina kiokoa betri kikali zaidi cha mtengenezaji mwenyewe, kilicho kwenye sehemu tofauti na ile ya Android, nacho kizimwe pia.

Ukirudi kwenye programu baada ya kukatika, huhitaji kuoanisha tena. Kuoanisha ni mara moja, kuungana ni kila safari. Ndani ya programu chagua jina la simu ya kamera na uguse kuunganisha. Kama inagoma, zima na kuwasha Bluetooth ya simu ya kitufe pekee.

Dalili ya tano: karibu inakubali, mbali inakataa

Bluetooth ya simu kwa kawaida hutegemewa hadi mita 10 hivi. Wengi wanalijua hilo, kisha wanashangaa ikikatika kwenye mita 6. Mwili wa binadamu una maji mengi, na mawimbi ya gigahazi 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth yananyonywa na maji. Ukishika simu nyuma ya mgongo, au ukisimama mstari wa nyuma na watu wawili mbele yako, umejenga ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya watu. Ndani ya sebule mawimbi hugonga kuta na dari na kufika kwa njia ya kuzunguka, hivyo hata ukificha simu nyuma inakubali. Uwanjani au ufukweni wa Shela hakuna pa kugonga zaidi ya mchanga. Njia ya moja kwa moja ikizibwa, hakuna nyingine. Ndiyo maana jaribio la nyumbani hufaulu na la pwani hushindwa kwa umbali ule ule. Na kuta nene za mawe ya matumbawe za nyumba za mji wa kale ni kikwazo cha aina yake: simu ya kamera ikiwa ukumbini na mwenye kitufe akiwa chumba cha pili, usitegemee kitu.

Chukua mfano wa ukoo wa watu 18 mbele ya Ngome, mistari mitatu, upana wa kundi mita 5. Mpigaji anataka Ngome nzima ionekane, kwa hiyo anawasimamisha watu karibu na ukuta na kurudi nyuma mita 15 na stendi yake. Bluetooth inakataa, na hata ingekubali, nyuso zingekuwa ndogo kama punje za mchele.

Sasa geuza mpango huo. Kwa lenzi ya kawaida iliyoandikwa "1x", simu ikilazwa, upana unaoingia kwenye picha ni zaidi kidogo ya umbali ulipo. Ukiwa mita 5 unapata mita 6 na kitu, inayotosha kundi la mita 5 na nafasi kidogo pembeni. Waache watu waiache Ngome nyuma yao, wasogee mbele uwanjani, na stendi iwe mita 5 kutoka mstari wa mbele. Jengo bado linaonekana kwa sababu liko mbali nyuma yao, nyuso ni kubwa, na mwenye kitufe hata akiwa mstari wa nyuma yuko kwenye mita 6 na nusu tu. Bado ni heri asimame mwisho wa mstari wa mbele, mkono umeshuka ubavuni, kioo cha simu kikitazama kamera. Ndani ya mfuko wa kanzu huenda ikakubali, lakini katikati ya mstari wa pili haitabiriki.

Mengine ya kutazama, kwa uchache: kava la chuma au kishikio cha chuma kinachoifunika simu ya kamera upande mmoja, simu ya kamera kugawa intaneti wakati huo huo, kwa kuwa Wi-Fi ya gigahazi 2.4 inashindania hewa ile ile. Na betri ya simu ya kitufe ikiwa chini sana. Upepo wa kusi hauiathiri Bluetooth, lakini huangusha stendi. Tundika mfuko wa mchanga katikati ya miguu yake.

Dalili ya sita: zinapigwa picha kumi, au inaanza video

Umebonyeza na kushikilia. Kwenye iPhone, kushikilia kitufe cha sauti kunaanza video, isipokuwa umewasha "Use Volume Up for Burst" kwenye mipangilio ya kamera, ambapo kushikilia kunapiga picha mfululizo. Samsung na wengine wana desturi zao. Gusa na uachie mara moja, kama unavyogusa herufi.

Ikiwa uliachia lakini picha zinaendelea, habari ya kubonyeza ilifika na habari ya kuachia ikapotea njiani. Simu ya kamera inadhani kidole bado kipo. Bonyeza mara moja zaidi ili habari mpya ya kuachia ifike, na usogee karibu, maana hii ni dalili ya tano kwa sura nyingine.

Kinyume chake pia hulalamikiwa: umeweka saa ya sekunde 3, unabonyeza, inaanza kuhesabu, kisha inaacha. Kwenye baadhi ya kamera mbonyezo wa pili hufuta hesabu. Mbonyezo wa kwanza huchelewa kidogo simu zikiwa zimekaa kimya, mtu anadhani haukufika, anabonyeza tena, anafuta. Bonyeza mara moja na usubiri. Hiyo saa ya sekunde 2 au 3, kwa maoni yetu, isikosekane kamwe, kwa sababu inakupa muda wa kushusha simu na kuinua uso. Bila hiyo kila picha itakuwa na mtu mmoja anayetazama mkono wake.

Dalili ya saba: baada ya picha, kibodi ya WhatsApp haitokei

Simu ya kamera bado inaamini ina kibodi ya kweli, kwa hiyo imeficha ile ya kwenye kioo. Watu wamepeleka simu kwa fundi kwa jambo hili. Zima Bluetooth tu, kibodi inarudi. Ukitaka zote ziwepo, kwenye Android fungua "Physical keyboard" ndani ya mipangilio ya lugha na uandishi, uwashe "Use on-screen keyboard" au "Show on-screen keyboard". Kama simu ya kitufe iliazimwa, iondoe kabisa kwenye orodha kabla hamjaagana.

Wakati wa kuacha na kumwona fundi wa simu

Kama swichi ya Bluetooth inajizima yenyewe kila ukiiwasha, hata baada ya kuwasha simu upya na kufuta mipangilio ya mtandao, na Wi-Fi nayo haiwaki, acha kuhangaika na programu. Kwenye simu nyingi viwili hivyo hukaa kwenye chipu moja, na vikifa pamoja hitilafu ni ya ubao. Usikubali mtu aifute simu yote "kujaribu" kabla hujahifadhi picha.

Kama mgongo wa simu ya kitufe umevimba au kioo kimeanza kuachana na fremu, betri imeharibika. Simu zilizokaa kabatini miaka mingi ziko hatarini zaidi. Usiichaji, usiibonyeze irudi, na usimpe mtoto aishike.

Kama simu ya kamera imekaa juani hadi ikaandika onyo la joto na kufunga kamera, ipeleke kivulini na uiache ipoe polepole. Kuitia kwenye ndoo ya barafu kunaweza kuleta umande ndani. Ikiandika onyo hilo hata ikiwa kivulini na bila kazi, hiyo ni ya fundi.

Na kama imeanguka baharini kutoka jetini au imerushiwa mawimbi ndani ya mashua, izime mara moja na usiichaji hata ikionekana nzima. Chumvi inayobaki ndani inaendelea kula chuma hata baada ya maji kukauka, na mchele hauitoi. Ifike kwa fundi siku hiyo hiyo, na umwambie wazi ni maji ya chumvi, kwa sababu atahitaji kuifungua na kuisafisha badala ya kuikausha tu.